Adapta ya Type-C kwenda pini 30: iPod imechaji, spika imebaki kabatini

Hatimaye imechaji. iPod classic ya GB 160, ile ya 2009, ipo mezani na inanywa umeme kutoka chaja ya simu ya kisasa, kwa kebo yenye Type-C pande zote mbili. Kwa jinsi kale kaadapta kalivyonisumbua, nimeona niandike kabla sijasahau nilichochomea wapi.

Kila nikiitoa hii iPod naulizwa kama adapta za ule mdomo mpana wa pini 30 bado zipo. Zipo, ila kwanza ujue unaelekea upande gani. Kama una spika ya zamani yenye doki na unataka kuichomeka simu mpya juu yake, habari si nzuri. Mwaka 2012, iPhone 5 ilipokuja na Lightning, Apple walitoa adapta yao ya kuvusha Lightning kwenda pini 30. Ndani yake kulikuwa na kigeuzi cha sauti, kwa sababu Lightning hupitisha sauti ya dijitali tu na doki za zamani zinasubiri analogi. Video haikupita kabisa. Adapta ile hawaiuzi tena, na tangu iPhone 15 ya 2023 hata Lightning yenyewe imepisha Type-C. Njia inayobaki ni kidude cha Bluetooth chenye tundu la pini 30, kinachokaa juu ya doki mahali pa iPod, kikala umeme wa doki na kuipa sauti.

Upande wa pili ni wangu: mashine ni ya zamani, chaja ni mpya. Hapa Apple waliishia kwenye kichwa kidogo cha micro-USB walichouza Ulaya mwaka 2011. Cha Type-C hawakuwahi kutoa. Vilivyopo ni vya viwanda visivyo na jina, vichwa vidogo vyenye plagi ya pini 30 mbele na tundu la Type-C nyuma. Vinapatikana mtandaoni kwa bei ya chakula cha mchana, na ndivyo vilivyoniweka macho.

Tatizo lilikuwa hivi. Nikitumia kebo ya zamani, USB ya kawaida upande wa chaja na Type-C upande wa adapta, iPod inawaka na kuchaji. Nikitumia kebo ya Type-C pande zote, kimya. Mita ya USB inasoma sifuri, si volti wala ampea. Nimegeuza plagi juu chini, nimebadili kebo, nimebadili chaja, ni yale yale. Muuzaji akasema kebo zangu ni feki. Kebo zile zile zinachaji simu na kompyuta kila siku.

Sababu iko kwenye tabia ya Type-C yenyewe. Chaja ya USB ya zamani huacha volti 5 mlangoni saa zote, hata kama hakuna kilichochomekwa. Chaja ya Type-C haitoi kitu mpaka ithibitishe kwamba upande wa pili kuna kifaa kinachoomba umeme. Inathibitisha kupitia pini mbili, CC1 na CC2, ambazo kwenye tundu huandikwa A5 na B5. Kifaa kinatakiwa kuweka rezista ya 5.1k kutoka kila moja ya hizo pini kwenda hasi. Chaja ikiiona, inafungua umeme. Isipoiona, inajua kebo inaning'inia hewani. Waliotengeneza adapta yangu hawakuweka rezista hata moja. Nilipoifungua na kuchungulia kwa lenzi, A5 na B5 hazikwenda popote, zimechomewa kwenye ubao na njia ikaishia hapo hapo.

Kwa hiyo kabla hujalaumu iPod, jaribu kebo mbili. Ikikubali ile yenye kichwa cha USB cha zamani na kukataa ya Type-C pande zote, ni rezista hazipo. Ikikubali ukichomeka upande mmoja na kukataa ukigeuza plagi, wameweka moja tu. Kuna na aina ya tatu, ubahili wa kuunganisha CC1 na CC2 pamoja kwenye rezista moja. Hiyo itafanya kazi kwa kebo nyepesi na kugoma kwa kebo nzito zenye chipu ndani, kwa sababu kebo hizo zina rezista yao kwenye pini ya pili, na chaja ikisoma mchanganyiko huo inadhani imechomekewa kifaa cha sauti. Raspberry Pi 4 ilitoka na kosa hilo hilo mwaka 2019, kwa hiyo si viwanda vya uchochoroni peke yake.

Kazi yenyewe ni ndogo kwa maelezo na chungu kwa mkono. Pini za tundu la Type-C zimepishana nusu milimita. Rezista za miguu hazina nafasi ndani ya lile ganda, kwa hiyo nilitafuta zile bapa za ukubwa wa 0603, zenye maandishi 512 mgongoni. Angalia vizuri, 513 ni 51k, na ukiiweka hiyo kwenye CC chaja itaendelea kuona hewa tupu. Niliziegemeza kwenye ganda la chuma la tundu, ambalo kwenye ubao huu limeungana na hasi (pima kwanza, si kila ubao uko hivyo), kisha nikavuta uzi mmoja mmoja wa shaba kutoka waya wa earphone iliyokufa mpaka A5 na B5.

Hapa niseme kitu kuhusu vichomeo. Watu wanapenda ncha ya sindano kwa kazi ndogo. Mimi siipendi. Haibebi joto, unakaa juu ya pini mpaka plastiki inalainika na risasi bado haijayeyuka. Ncha ya kisu, iliyopakwa risasi kidogo sana, na flaksi ya kutosha, inagusa na kuondoka. Flaksi ndiyo kazi. Ukibania flaksi utaunganisha A5 na jirani yake halafu utatumia jioni nzima kuitenganisha.

Baada ya hapo, kebo ya Type-C pande zote, mita ikasoma volti 5 na nukta kidogo. Kelele nilizopiga zilimleta mama mdogo kutoka jikoni kuuliza kama nimepigwa shoti.

Furaha haikukaa. Kwa chaja moja iPod ilichaji, kwa nyingine iliwaka tu taa ya kioo na betri haikusogea. Volti zipo, ampea hakuna. Hili ni fumbo la zamani zaidi, la enzi za Apple wenyewe. Mashine zao za pini 30 haziamini volti 5 peke yake. Zinasoma waya mbili za data, D+ na D-, ambazo kwenye mdomo mpana ni pini 27 na 25, na kutegemea volti zilizopo hapo zinaamua zivute kiasi gani. Volti 2 kwenye zote mbili maana yake ni "vuta nusu ampea". Chaja ya kwanza ilikuwa inaigiza lugha hiyo, ya pili haikuijua.

Suluhisho ni kuziweka hizo volti mwenyewe ndani ya adapta. Kila waya wa data unapata rezista mbili, moja kutoka volti 5 na moja kwenda hasi. Kipimo kinachojulikana ni 75k juu na 49.9k chini. Hiyo 49.9k kuipata Kariakoo ni kutafuta sindano baharini, nikatumia 51k:

```
D+ = D- = 5 V × 51 / (75 + 51) = 2.02 V
```

Tofauti hiyo iPod haiijali. Kabla ya kuziweka nilikata njia za data zinazotoka kwenye tundu la Type-C. Usiruke hatua hiyo, kwa sababu chaja nyingi za haraka nazo husikiliza D+ na D- ili kujua zipandishe volti au la, na sitaki kuona volti 9 zikiingia kwenye mashine ambayo USB yake inajua 5 tu. Gharama ni kwamba adapta hii sasa haihamishi nyimbo. Ni ya kuchajia basi. Nyimbo naziweka kwa kebo ya zamani ya pini 30 kwenye kompyuta.

Matokeo: chaja zote mbili, karibu nusu ampea, na adapta haipati joto la kutisha.

Mpango wa mwanzo ulikuwa niendelee na spika ya doki ya baba mkubwa, niitafutie kile kidude cha Bluetooth. Imebaki kabatini. Sababu ni kwamba nikiwa na mchoro wa pini mbele yangu nikakumbuka pini 3 na 4, sauti ya kulia na ya kushoto inayotoka kabla ya kitufe cha kuongeza sauti. Ukiichukua hapo unakwepa kikuza sauti cha earphone, na ukiongeza au kupunguza sauti kwenye iPod hakuna kinachobadilika, unaongoza kwa redio yenyewe. Nilikuwa na plagi tupu ya kuchomea, nikaunganisha 3, 4 na hasi kwenye pini 2, nikaingiza kwenye amplifaya. Besi imekaa vizuri kuliko ilivyokuwa kupitia tundu la earphone, na ule mvumo mdogo nyimbo zikitulia umeondoka.

iPod ilitoa sauti moja kwa moja. iPhone 4 ya mdogo wangu ilikataa, ikaendelea kuimba kwa kispika chake, mpaka nilipoweka rezista ya 68k kati ya pini 21 na hasi. Pini 21 ndiyo mashine inaitumia kutambua nimechomekewa nini, na thamani ya rezista ndiyo jibu.

Wanaotafuta plagi tupu wahesabu pini kabla ya kulipa. Nyingine zinauzwa zikiwa na zile za kuchajia tu, na mahali pa 3 na 4 kuna plastiki. Halafu msichukue ya Galaxy Tab za mwanzo. Nayo ina pini 30, kwa macho ni pacha, lakini mpangilio wake ni mwingine kabisa na mwongozo huu wote haufai kwake.

Kinachofuata ni kuziweka hizi mbili kwenye ganda moja, Type-C ya umeme na tundu la sauti pembeni. Nikifunga umeme na sauti pamoja kuna mlio mwembamba unaingia kwenye spika, ukichomoa chaja unaisha. Nashuku hasi ya chaja inazunguka kupitia amplifaya. Mwenye transfoma ndogo ya sauti ya kutenganisha, anitafute.