Mbu ndani ya redio ya ami

Ijumaa, Malindi

Ami alinijia uani baada ya swala ya Ijumaa na hakuzima gari. Nikampa shikamoo dirishani, akaitika marahaba huku kidole chake kimeshaelekea kwenye redio. "Njoo usikilize mwenyewe, mwanangu. Mimi nimechoka kuhadithia watu, wanidhania masikio yameanza kuzeeka."

Nikaketi kiti cha abiria. Taarabu ilikuwa yapiga, na chini yake mlio mwembamba, iii, kama mbu aliyeingia chandaruani. Ami akakanyaga mafuta kidogo na mbu akapanda naye. Akaachia, mbu akashuka. Nikamwambia masikio yake ni mazima kabisa, hiyo ni altaneta.

Kinachomkera zaidi ni mahali mlio wenyewe unapokaa. Altaneta hutoa umeme wa mawimbi matatu, daiodi zikaunyoosha, lakini haziunyooshi ukawa laini kama maji ya mtungi; hubaki na vijiwimbi. Altaneta nyingi za magari madogo hutoa vijiwimbi 36 kwa kila mzunguko mmoja. Injini ya ami ikiwa imetulia kwenye mizunguko 800 kwa dakika, altaneta kwa sababu ya puli yake ndogo huzunguka kama mara mbili na nusu zaidi, yaani 2,000 kwa dakika, ambayo ni 33 kwa sekunde. Zidisha kwa 36 upate kama 1,200 kwa sekunde. Injini ikifika 2,000, mlio umeshafika 3,000. Hizo ni sauti za juu za fidla. Mtu wa rege pengine asingeng'amua kitu, lakini mpenda taarabu atateseka kila fidla inapoingia.

Kulikuwa na la pili, ambalo yeye hakulitaja. Nilimwomba azime injini, muziki nikausimamisha, redio ikabaki imewashwa. Mbu akanyamaza, lakini spika ziliendelea na shhh, kama mawimbi ya mbali usiku. Haya ni maradhi mawili, na watu wengi huyatibu kama moja. Sauti inayopanda na kushuka na injini hutoka kwenye umeme wa gari. Shhh isiyojali injini mara nyingi ni amplifaya iliyofunguliwa geini kupita kiasi, kiasi kwamba inakuza hata ukimya. Nilipoinua zulia chini ya kiti nikaikuta geini imezungushwa hadi mwisho. Aliyefunga alitaka muziki umzidi mbu nguvu.

Aliyefunga ni kijana mmoja, simtaji. Ami alikuwa amerudi kwake mara mbili. Mara ya kwanza akauziwa kile kidude cha kuchomeka kwenye waya za sauti ili "kichuje" mlio. Mara ya pili akaambiwa altaneta imekufa anunue nyingine. Kidude kile ndani yake kina transfoma ndogo, na zile za bei rahisi hula besi. Mbu alipungua kweli, na ngoma nazo zikapungua. Nilikichomoa nikakiweka juu ya dashibodi.

Kabla ya kugusa kitu nikataka kuiondolea altaneta shutuma. Mita kwenye betri, injini ikinguruma na taa zimewashwa: volti 14.1. Nikageuza mita isome umeme wa mawimbi badala ya umeme mnyoofu: 0.03. Daiodi ikiwa imekufa ungeona namba kubwa zaidi, nusu volti na kuendelea. Altaneta ya ami haina kosa.

Kisha nikachomoa zile waya za RCA zinazopeleka sauti kutoka redioni hadi kwenye amplifaya, na mahali pake nikachomeka simu yangu, ikitumia betri yake yenyewe. Injini ikiwa inanguruma, muziki ulitoka safi. Simu haijagusa bodi ya gari popote, kwa hiyo umeme hauna njia ya kuzunguka. Hapo nikajua amplifaya ni nzima na tatizo liko kwenye athi, ule waya unaofungwa kwenye bodi ili umeme upate pa kurudi. Kwa mzaha nikaichomeka simu kwenye chaja ya gari, na mbu akarudi papo hapo.

Nilimweleza ami hivi. Redio ina athi yake mbele, nyuma ya dashibodi. Amplifaya ina athi yake chini ya kiti. Zote mbili zategemea bodi ya gari kurudisha umeme kwenye hasi ya betri, na kama bodi ingekuwa njia kamilifu pasingekuwa na neno. Lakini ikiwa athi moja ni mbovu, sehemu hizo mbili hazilingani tena. Moja yakaa juu ya nyingine kidogo, na vijiwimbi vya altaneta vyapanda hapo. Sasa waya ya RCA ina ganda la nje, na ganda hilo limefunga redio na amplifaya pamoja. Tofauti ile yapita gandani, na amplifaya, ambayo kazi yake ni kukuza chochote inacholetewa, yaipokea kama sehemu ya wimbo.

"Kwa hiyo mbu hapiti kwenye waya mwekundu?" akauliza ami.

"Hapana ami, yuapitia mlango wa nyuma."

Nikaanza kupima, na hapa ndipo nataka niandike polepole kwa sababu ndipo watu wanapokosea. Kijana yule alikuwa amepima athi kwa kipimo cha omu, mita ikamwonyesha kama sifuri, akaridhika. Mita zetu hizi haziwezi. Nyaya zake zenyewe zina kama 0.2 ya omu, na ubovu tunaoutafuta ni mdogo mara kumi kuliko huo. Pima volti, na pima umeme ukiwa unapita.

Kwa hiyo injini imewashwa, taa zimewashwa, na tukarudia kipande kilekile cha wimbo chenye besi nzito. Ncha moja ya mita kwenye nguzo ya hasi ya betri, ncha nyingine kwenye skrubu ya athi ya amplifaya yenyewe. Namba ikacheza na ngoma hadi ikafika 0.46. Mimi sipendi kuona zaidi ya 0.1.

Nusu volti imepotea njiani, basi nikaifuata kituo kwa kituo. Kutoka nguzo ya betri hadi bodi hapo kando yake: 0.04. Kutoka bodi ya mbele hadi chuma kitupu nilichokikwangua chini ya kiti: 0.02. Kutoka chuma hicho hadi skrubu ya amplifaya: 0.40. Jumlisha, upate 0.46 ile ile. Amplifaya ile, kwa besi hiyo, nakadiria ilikuwa yavuta ampea 20. Gawanya 0.40 kwa 20: omu 0.02. Kidogo hivyo, ndiyo maana mita ya kijana haikuona kitu.

Nilipofuata waya nikakuta umeshikwa na skrubu nyembamba iliyotobolewa juu ya rangi, na nyuzi za zulia zimebanwa chini yake. Nilipoifungua ilitoka na ukoko wa kutu ya rangi ya udongo. Na zulia lilikuwa bichi. Ami huleta samaki kutoka Mambrui, na barafu ya samaki ikiyeyuka humwagika nyuma, ikashuka hadi chini ya kiti. Maji ya chumvi, chuma, na umeme unaopita kila siku: hata ungefunga vizuri pasingedumu pale.

Kabla ya kuchomoa athi nilihakikisha waya za RCA zimetoka kwanza, kisha nikafungua hasi ya betri. Huu mpangilio niliujifunza kwa hasara. Zamani nilichomoa athi ya amplifaya ya mteja ikiwa imewashwa na RCA zimo. Umeme wote wa amplifaya ukakimbilia ganda lile jembamba kutafuta pa kurudi, na njia ya athi ndani ya redio yake ikaungua. Redio iliendelea kupiga, lakini na mbu wa kudumu. Nililipa.

Mahali papya nilichagua juu kidogo, ubavuni mwa kizingiti cha mlango, ambapo maji hayafiki. Nikachungulia upande wa pili kwanza, kwa sababu mabomba ya breki na ya mafuta hupita chini huko, na ukiyatoboa utasahau habari za mbu. Nikatoboa tundu la bolti ya milimita 8, nikasugua rangi kwa msasa hadi chuma kikang'aa duara la ukubwa wa shilingi 20. Waya mpya ni mnene sawa na ule mwekundu unaoleta umeme, na mfupi, sentimita 30 tu. Mwisho wake nikaubana kwenye jicho la shaba kwa koleo, nikaweka waasha yenye meno inayouma chuma, nikakaza. Grisi niliipaka mwisho, juu ya kila kitu, si katikati ya jicho na chuma. Upepo wa kusi hapa Malindi una chumvi yake. Chuma kitupu hakimalizi wiki.

Nikahamia kwenye boneti na kusafisha ule waya mfupi wa betri kwenda bodini, uliokuwa na unga wa kijani. Ile 0.04 ikashuka hadi 0.01.

Nikafunga athi, nikafunga betri, RCA mwisho. Nikapima tena kwa wimbo uleule: 0.01, 0.02 na 0.02. Jumla 0.05. Mbu ameondoka, na kile kidude bado kiko juu ya dashibodi.

Shhh nayo ilichukua dakika tano. Redio nikaiweka robo tatu ya sauti yake, geini nikaishusha hadi chini, nikaipandisha taratibu mpaka sauti ikaanza kupasuka, nikarudisha nyuma kidogo. Ilitulia karibu na theluthi. Ukiweka sikio kwenye spika bado kuna pumzi kidogo. Amplifaya ya bei ile haitanyamaza zaidi ya hapo, nikamwambia ami asije akanidai.

Yeye hakuwa akinisikiliza. Aliwasha injini, akazima, akawasha, akakanyaga mafuta mpaka jirani akachungulia. Fidla ikaingia peke yake. "Mwimbaji avuta pumzi hapo," akasema, "sijawahi kuisikia."

Kabla hajaondoka nilikata kipande cha plasta nyeupe, nikaandika 0.05 na tarehe, nikakibandika ubavuni mwa amplifaya, ili fundi atakayeinua zulia hilo baadaye awe na pa kuanzia. Samaki nimemwambia aweke trei chini ya makasha. Amesema ataona.