Alama ya kutoa iliyonipotezea jibu: mkato wa Gomory kwa mkono

Nilitaka kuielewa mbinu ya mikato ambayo Ralph Gomory aliitoa mwaka 1958, yaani kuongeza masharti yanayokata majibu yenye sehemu bila kugusa yaliyo kamili, nikajitungia tatizo dogo ambalo hata kwa kuhesabu vidoti kwenye karatasi ya grafu lingeisha:

```
ongeza  z = 3x + 4y
2x +  y <= 6
2x + 3y <= 9
x, y >= 0, namba kamili
```

Niliongeza masalio, yaani kiasi kinachobaki kufikia kikomo cha kila sharti, s kwa sharti la kwanza na t kwa la pili, nikasahau kwa muda suala la namba kamili na kukokotoa kwa simpleksi, njia ya kutafuta jibu bora kwa kuhama kutoka pembe hadi pembe ya eneo linalokubalika. Jedwali la mwisho lilinipa safu hizi:

```
x + 3/4 s - 1/4 t = 9/4
y - 1/2 s + 1/2 t = 3/2
```

Kwa kuwa s na t ni sifuri, x ni 9/4, y ni 3/2, na z ni 12.75. Hakuna hata kimoja kilicho kamili. Kanuni niliyokuwa nayo kichwani ni fupi: chukua safu yenye sehemu, acha namba kamili, baki na sehemu tupu, kisha andika kwamba jumla ya sehemu za masalio haipungui sehemu ya upande wa kulia.

Nikachukua safu ya y. Sehemu ya -1/2 nikaiandika -1/2, maana niliona hakuna cha kuondoa. Nikapata t - s >= 1, ambayo ukiirudisha kwenye x na y inakuwa y <= 1. Niliendelea nayo kwa furaha hadi x = 2, y = 1, z = 10.

Kilichoniumbua ni kidoti kimoja. Nilijaribu (1, 2): sharti la kwanza linatoa 4, la pili 8, yote sawa, na z ni 11. Mkato wangu ulikuwa umekata jibu zuri kuliko nililolipata. Tangu siku hiyo, kabla sijauamini mkato wowote, naujaribu kwa kidoti kamili ninachojua kinakubalika. Kikikatwa, kosa liko kwangu.

Sehemu ya namba hasi hupimwa kutoka namba kamili iliyo chini yake. Chini ya -1/2 kuna -1, kwa hiyo -1/2 ni -1 + 1/2, na sehemu yake ni chanya 1/2. (Kwa -1/4 ni 3/4, hapo ndipo wengi tunateleza.) Niliivunja safu upya, vilivyo kamili kushoto, vilivyobaki kulia:

```
y - s - 1 = 1/2 - 1/2 s - 1/2 t
```

Hapa ndipo nilipoelewa kwa nini kanuni inafanya kazi. Upande wa kushoto ni namba kamili. Upande wa kulia hauwezi kuzidi 1/2, kwa sababu masalio si hasi. Namba kamili isiyozidi 1/2 haiwezi kuzidi 0. Basi 1/2 s + 1/2 t >= 1/2, yaani s + t >= 1. Pale tulipokuwa, s na t ni sifuri, kwa hiyo pembe ile yenye sehemu inakatwa, lakini hakuna kidoti kamili kinachoguswa.

Nikaweka s = 6 - 2x - y na t = 9 - 2x - 3y, nikapata 2x + 2y <= 7. Kwa sharti hilo jipya jibu likahamia x = 3/2, y = 2, z = 12.5. Salio la mkato nililiita u, na safu ya x ikawa:

```
x + 3/2 u - t = 3/2
```

Sehemu ya 3/2 ni 1/2, ya -1 ni sifuri. Mkato ni u >= 1, yaani x + y <= 3. Nikakokotoa tena: x = 0, y = 3, z = 12, vyote kamili.

Baadaye nilirudi kujaribu safu ya x ya mwanzo. Ilinipa s + t >= 1/3, yaani x + y <= 11/3, mkato halali ila dhaifu kuliko ule wa safu ya y, unaosema x + y <= 7/2. Lakini x + y ni namba kamili, kwa hiyo ningeshusha kikomo chochote kati ya hivyo viwili hadi 3 papo hapo na kuokoa duru nzima.

Hoja yote inasimama juu ya s na t kuwa namba kamili. Hapa ni kamili kwa sababu kila namba ndani ya masharti ni kamili. Kama sharti lingekuwa 0.5x + y <= 2.5, ningelizidisha kwa 2 kwanza ndipo niweke salio. Na kwenye kompyuta ninahesabu kwa sehemu halisi, maana 2.9999999 ikisomwa kuwa ina sehemu ya 0.9999999, mashine itatunga mkato kutoka kwenye safu ambayo tayari ni kamili.