Mwari Aliyegeuka Mzalishaji: Jinsi Ninavyokagua Mishale ya Mtandao wa Chakula

Ninapofundisha ikolojia katika kidato cha tatu hapa Nakuru, hutumia ziwa letu kama mfano: mwani aina ya spirulina huliwa na heroe mdogo na pia na tilapia, tilapia huliwa na mwari na furukombe, naye furukombe huwakamata heroe vilevile. Katika kusahihisha michoro ya mtandao huo, ambamo kila mshale hutoka kwa anayeliwa kwenda kwa anayemla, nimeona kwamba mchoro wenye mishale yote iliyogeuzwa hugundulika upesi, ilhali ule wenye mishale miwili tu iliyogeuzwa hupita machoni kwa urahisi.

Mwanafunzi mmoja alichora mishale ya mwani na ya heroe sawasawa, lakini akachora mshale kutoka kwa mwari kwenda kwa tilapia, na mwingine kutoka kwa furukombe kwenda kwa tilapia, kwa kuwa alifikiria "mwari anakula samaki" badala ya kufuata nishati inakokwenda. Kwa hiyo sisomi tena mchoro mzima kwa mara moja, bali natazama kila kiumbe na kuuliza mishale mingapi inaingia na mingapi inatoka. Mzalishaji hutoa tu, na mlaji wa kilele hupokea tu, isipokuwa swali limetaja viozeshi, ambavyo hupokea kutoka kwa wote. Katika mchoro ule, mwari alitoa mshale bila kupokea hata mmoja, kana kwamba anajitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, na furukombe, asiyeliwa na yeyote katika mtandao ule, alikuwa akitoa nishati.

Hesabu nayo humfichua aliyekosea. Swali letu lilitoa makadirio ya kubuni, yote katika kilojuli kwa mita mraba kwa mwaka: mwani 50,000, tilapia 4,500, mwari 360. Ufanisi wa uhamisho wa nishati hupatikana kwa kugawanya nishati ya mpokeaji kwa ile ya mtoaji, kisha kuzidisha kwa 100, hivyo kutoka mwani hadi tilapia ni asilimia 9, na kutoka tilapia hadi mwari ni asilimia 8. Aliyefuata mshale wake uliogeuka aligawanya 4,500 kwa 360 na kupata asilimia 1,250, jibu lisilowezekana, kwani sehemu kubwa ya nishati hupotea kama joto la upumuaji, au hubaki katika kinyesi na katika viumbe wasioliwa. Kanuni ya asilimia 10 ni wastani tu, kwa hiyo simkati alama aliyepata 8 au 9.

Kosa gumu zaidi kuliona ni la aliyegawanya 360 kwa 50,000 na kupata asilimia 0.72. Jibu hilo haliko juu ya 100, na ni sahihi iwapo swali linauliza uhamisho kutoka mwani hadi mwari, lakini si hatua ya tilapia hadi mwari. Hapo humrudisha mwanafunzi kwenye mchoro wake, aweke kidole kwenye mshale unaoulizwa, kisha aniambie nani yuko mkiani na nani yuko kwenye ncha.