Kikanushi kilichobaki nje ya ujumbe

Leo nimeshinda mezani na rafiki yangu Modia, mwenzangu wa chuo hapa Bhubaneswar, India, tukiandika ujumbe wa simu wa kuonya juu ya kimbunga kwa kikundi cha kujitolea cha kijiji kimoja cha pwani ya jimbo la Odisha. Msimu wa pili wa vimbunga katika Ghuba ya Bengali huanza Oktoba, na hapa kila mtu mzima anaikumbuka Oktoba ya 1999, kimbunga kilipoua watu wapatao 10,000. Kimbunga Fani kilipotua karibu na mji wa Puri tarehe 3 Mei 2019, zaidi ya watu milioni moja walikuwa wamekwisha kuhamishwa, na ujumbe mfupi wa simu ulikuwa miongoni mwa njia zilizotumika kuwaambia waondoke.

Rasimu yetu ya kwanza ilikuwa taarifa ya hali ya hewa iliyofupishwa: kimbunga kiko umbali gani, kinaelekea wapi, upepo una kasi gani, na mwishoni kabisa, watu waende kwenye jengo la kujihifadhi. Tulimsomea mama mwenye nyumba, ambaye sote humwita Mausi, yaani mama mdogo. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, “Sasa mwanangu, niondoke saa ngapi?” Tukaifuta yote.

Ugumu wa kwanza ni nafasi. Ujumbe mmoja wa herufi za Kilatini huchukua alama 160, lakini wa maandishi ya Kiodia, lugha ya Odisha, kwa kawaida huchukua 70 tu, na mtandao huhesabu kila konsonanti, kila alama ya irabu na kila alama ya kuunganisha konsonanti peke yake. Neno “batya”, kimbunga, machoni ni vifungu viwili vya maandishi, ila kwa mtandao ni alama sita. Kwa hiyo tulibakiza neno hilo, siku, saa, mahali na kitenzi, kwa mpangilio huo. Siku tuliitaja kwa jina, kwa sababu “kali” ya Kiodia peke yake inaweza kuwa jana au kesho, na ujumbe husambazwa upya hata baada ya siku kupita. Saa nayo ilitaka kutuponza: wao husema “din 4-ta”, saa nne ya mchana kwa hesabu yao, nami daftarini nilikuwa nimeandika saa kumi jioni kwa hesabu yetu.

Kisha tukaongeza onyo la wavuvi, na ndipo kosa lilipojitokeza. Mstari wetu ulikuwa huu:

```
ବାତ୍ୟା। ଗୁରୁବାର ଦିନ ୪ଟା ପୂର୍ବରୁ ଆଶ୍ରୟସ୍ଥଳକୁ ଯାଆନ୍ତୁ। ସମୁଦ୍ରକୁ ଯାଆନ୍ତୁ ନାହିଁ
```

Maana yake ni: Kimbunga. Alhamisi, kabla ya saa kumi jioni, nendeni kwenye jengo la kujihifadhi. Msiende baharini. Sentensi ya kwanza ina alama 52, na yote kwa pamoja 75. Tuliituma kwenye simu zetu wenyewe kwa mfumo wa majaribio unaokata kila kinachozidi 70, nasi hatukulijua hilo. Simu zilipolia, mwisho wa ujumbe ulisomeka “samudraku jaantu”: nendeni baharini. Kiodia huweka kikanushi “nahin” baada ya kitenzi, na hicho ndicho kilichoangukia alama ya 71. Sisi tunaosema “msiende” hutanguliza katazo, kwa hiyo sikuwahi kuwaza kwamba ujumbe ukikatika mkia unaweza kuamuru kinyume.

Nilipendekeza tugeuze katazo liwe agizo: “bakini pwani”. Modia alinitazama kwa huruma, maana pwani ndipo mahali ambapo hatutaki mtu abaki. Hatimaye onyo la bahari tulilitenga liwe ujumbe wake, wenye alama 22 tu, utakaotangulia kwa siku kadhaa, kwa kuwa mvuvi anatakiwa awe amerudi kabla jirani yake hajaanza kufunga mizigo.

Palipowezekana, kugeuza kulifaa sana. Kitovu cha kimbunga kikipita, upepo hutulia ghafla, watu hutoka kutazama mabati yao, kisha upepo hurudi kutoka upande wa pili. Badala ya “msitoke nje” tuliandika “pabana thamile madhya bhitare ruhantu”: hata upepo ukitulia, kaeni ndani. Hapo neno la mwisho likipotea, hubaki “hata upepo ukitulia, ndani”, na Mausi aliposomewa hivyo bila kitenzi alielewa papo hapo.

Kesho tunaanza toleo la Kitelugu, kwa kuwa wavuvi wengi wa mtaa wa Penthakata, Puri, huzungumza lugha hiyo nyumbani. Modia ameniandikia jozi moja niizoee: “vellandi” ni nendeni, “vellakandi” ni msiende. Katazo limekaa katikati ya kitenzi.