Mbata na Karafuu Ndani ya Pipa: Safari ya Haro

Basi la kutoka Bilbao, kaskazini mwa Uhispania, hupanda milima ya kijani yenye mvua, kisha mawingu yanabaki nyuma na bonde la mto Ebro linatokea, kavu, limejaa mizabibu. Mji wa Haro, katika jimbo la Rioja, uko humo, mwendo wa kilomita 100 hivi. Nilikwenda na binamu yangu anayeishi Bilbao. Yeye hagusi pombe, alinisindikiza tu, lakini pua yake ndiyo iliyonifaa zaidi siku ile.

Viwanda vya zamani vya mvinyo vimebanana kando ya stesheni. Reli ilifika hapa mwaka 1863, na baadaye wadudu wa filoksera walipoangamiza mizabibu ya Ufaransa, wafanyabiashara wa Bordeaux walivuka mpaka kutafuta mvinyo. Walikuja na pipa lao la lita 225. Wahispania wakalipenda pipa, ila mbao zake, za mti wa mwaloni, wakaziagiza Marekani, ambako zilipatikana kwa bei nafuu. Kwa hiyo leo Rioja unakuta mwaloni wa Marekani na wa Ufaransa katika ghala moja, ukilea zabibu zilezile.

Kiwandani tulianzia uani, kwenye marundo ya mbao zilizoachwa juani na mvuani miaka miwili au mitatu ili ukali wake upungue. Mzee aliyetutembeza alituonyesha kwa nini pipa la Kifaransa huuzwa karibu mara mbili ya la Kimarekani. Mwaloni mweupe wa Marekani una vishipa vinavyojiziba vyenyewe, hivyo gogo hupasuliwa kwa msumeno na karibu nusu yake huwa mbao za pipa. Wa Ufaransa ni lazima upasuliwe kwa kufuata nyuzi. Ukizikata nyuzi kwa msumeno, mvinyo utapenya na pipa litavuja. Kati ya gogo zima inabaki robo, pengine pungufu. Nyingine ni kuni.

Ghalani kulikuwa na baridi. Mzee alichagua mapipa mawili mapya yenye mvinyo mmoja wa zabibu za tempranillo, wa mavuno ya mwaka mmoja, yote yakiwa yamebabuliwa ndani kwa moto wa wastani. Alichota kwa mrija wa kioo kutoka pipa la Marekani, akampa binamu yangu anuse.

“Kaka, hii si mbata hii?” akaniuliza, akacheka.

Ilikuwa mbata kweli, nazi kavu inayokaribia kutoa mafuta. Mbao za mwaloni zina laktoni, kemikali za harufu, na wa Marekani unazo nyingi zaidi za aina ile inayonukia nazi. Nilipoonja, mvinyo ulikuwa laini, mtamu puani ingawa hauna sukari.

Pipa la Kifaransa halikujitangaza hivyo. Harufu ya zabibu ilitangulia, na karafuu ikaja taratibu, pamoja na kitu kama mdalasini. Karafuu ile si mawazo ya mnywaji: ndani ya mbao mna eugenoli, kemikali ileile inayoipa karafuu ya Pemba harufu yake. Mwaloni wa Marekani nao unayo, ila nazi huifunika. Kisha ufizi ulinikauka kidogo, kwa kuwa mbao za Ufaransa huachia tanini nyingi zaidi.

Nikauliza kuhusu vanila, maana ndiyo inayotajwa kila mahali. Mzee akatikisa kichwa. Vanila hutoka katika mapipa yote mawili, moto unapovunja lignini ya mbao, kwa hiyo mtu anayesema “nasikia vanila, basi huu ni wa Marekani” anabahatisha. Nazi ndiyo shahidi wa kuaminika. Hata huyo hunyamazishwa: mzee alitupa mvinyo kutoka pipa la Marekani lililobabuliwa sana, tukasikia moshi na kahawa, na nazi ikawa ya kutafuta.

Umri wa pipa nao una neno. Likijazwa mara tatu au nne, harufu nyingi huwa imeshatoka, na linabaki kuupa mvinyo hewa kidogo kidogo. Viwanda kadhaa vya Haro hutumia mapipa ya Marekani yaliyozeeka, na mvinyo wa daraja la Gran Reserva, ambao sheria inataka ulelewe miaka mitano, miwili yake ikiwa ndani ya pipa, unaweza kutoka humo bila kunukia kama duka la viungo.

Jioni, kwenye baa za mtaa wa La Herradura, niliagiza glasi mbili za mvinyo: mmoja mzee wa aina hiyo, mwingine mchanga uliotoka katika pipa jipya la Marekani. Binamu alinusa huo mchanga akanirudishia glasi: “Zabibu zimekwenda wapi?” Nami sikuziona. Nilimaliza ule mzee, tukakimbilia basi.