Viungo Saba Vilivyokufa

Mwaka 2019 nilimtumia Maalim wangu wasifu wa kazi niliokusudia kuombea nafasi ya uandishi, kisha baada ya alasiri nikamfuata barazani kwake, Mji Mkongwe. Alikuwa mhariri mstaafu.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapa."

Hakusoma hata sentensi moja. Alianza kugusa viungo vya mtandaoni vya makala zangu kwenye simu yake. Cha kwanza: ukurasa haukupatikana. Cha pili, vilevile. Kati ya 11, saba vilikuwa vimekufa. Gazeti nililoandikia lilikuwa limehamia tovuti mpya, na anwani za zamani hazikuelekezwa kokote. Moyo ulinishuka. Ile ilikuwa kazi yangu ya miaka minne.

"Mhariri hatakutafutia," alisema. "Atapita kwa mwengine."

Usiku ule nilibandika kila anwani ya zamani kwenye web.archive.org, hifadhi ya nakala za kurasa za zamani za mtandao. Nne zilitokea zimehifadhiwa, nikaweka viungo vyake vipya. Tatu hazikuwemo, maana hifadhi ile haipiti kila ukurasa. Mbili kati ya hizo nilikuwa na vipande vyake vya gazeti; nikavipiga skani, nikaandika na tarehe ya kuchapishwa. Moja nikaiacha.

Kesho yake nikarudi na kumi, naye akazipunguza hadi sita.

"Umeandika siasa, afya, utalii, michezo. Habari ikizuka usiku, nikupigie wewe kwa lipi?"

"Mwani," nikajibu bila kufikiri.

Nilikuwa nimewafuata kinamama wa Paje na Jambiani misimu mitatu, nikiona mwani mnene wenye bei nzuri unavyooza maji yanapopata moto, wakabaki na ule mwembamba wa bei ndogo. Makala tatu za mwani zikapanda juu, kila moja na sentensi moja chini yake: nilikwenda wapi, nilizungumza na nani.

Kisha akafika penye "wasomaji 40,000".

"Umewahesabu vipi?"

Nilikuwa nimejumlisha mara zote kurasa zilipofunguliwa. Mtu mmoja akifungua mara tano, nilimhesabu watu watano. Tukaandika badala yake: "Makala hii ilifunguliwa mara 6,200 katika mwezi wa kwanza, kwa takwimu za tovuti." Ilikuwa ndogo, lakini nilikuwa na ukurasa wa takwimu wa kuionesha.

Mwisho kulikuwa na "uzoefu wa uhariri", maneno matupu. Nikayageuza: habari nane kwa wiki, za waandishi wanne wa wilayani, nikihakiki majina, tarakimu na nukuu.

"Sasa hapa naweza kukuuliza," alisema, na akauliza papo hapo. "Kosa gani ulilikamata ambalo lingetupeleka mahakamani?"

Nikamweleza kuhusu kijana aliyeandikwa "mwizi" kwenye kichwa cha habari wakati kesi yake haijasikilizwa, na jinsi nilivyorudisha "mtuhumiwa" dakika chache kabla ya ukurasa kwenda mtamboni.

"Hiyo usiiandike," alisema. "Iweke. Watakuuliza."