Tulivyowafikisha matajiri wa kamba mbele ya Mamlaka ya Ushindani

Mimi ni katibu wa BMU, kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo, katika kijiji kimoja upande wa kisiwa cha Pate, Lamu, na kazi yangu pwani ni daftari: nani kaleta kamba mawe, kilo ngapi, kauza kwa tajiri gani, kwa bei gani. Msimu wa kaskazi uliopita daftari hilo ndilo lililotusaidia.

Matajiri, yaani wanunuzi wa kamba wetu, ni wanne. Siku za kawaida bei zao hupishana; mmoja akiwa na oda Malindi huongeza shilingi hamsini, mwengine akikosa barafu hujitoa. Asubuhi moja wote wanne wakashuka kutoka 1,400 hadi 1,100 kwa kilo, na wiki nzima hakuna aliyetoka hapo. Mvuvi hana pa kukimbilia. Kamba lazima afike hai, na petroli ya kumpeleka Lamu mjini kwa boti hula faida yote ya mzigo mdogo.

Wazee wakasema twende tukashtaki kwamba matajiri wametumia nguvu ya soko vibaya. Nikasoma Sheria ya Ushindani ya Kenya ya mwaka 2010 nikaona njia hiyo ni ndefu. Mtu huhesabiwa ana nafasi ya kutawala soko akishika nusu yake au zaidi. Akiwa kati ya asilimia 40 na 50 ni juu yake kuonyesha kwamba hana nguvu hiyo, na chini ya hapo ni lazima ithibitishwe kwamba anayo. Hata tajiri wetu mkubwa, kwa hesabu ya daftari, hakununua hata theluthi ya kamba wa kijiji.

Kifungu cha 21 ndicho kilichotufaa. Kinakataza wafanyabiashara kuafikiana bei, na watu wengi hawajui kwamba kinataja bei ya kununua sawasawa na ya kuuza. Hapo huhitaji kuonyesha kuwa mtu ni mkubwa. Na mapatano si lazima yawe na karatasi wala sahihi. Neno la mdomo linatosha, mradi lithibitike.

Kuthibitisha ndiko kugumu. Bei kufanana si kosa peke yake. Maduka mawili yanayotazamana huuza sukari bei moja kwa sababu kila mmoja anamwona mwenzake, na sheria haiwagusi. Kwa hiyo nilianza kwa kuondoa sababu za halali. Nilipiga simu Malindi kwa jamaa anayepokea mzigo: bei ya huko haikushuka. Barafu ilikuwa ile ile, petroli vilevile, na daftari lilionyesha kilo zinazoingia hazikuzidi za wiki zilizotangulia. Kama kamba wangejaa pwani, bei ingeshuka yenyewe na tusingekuwa na la kusema.

Kisha dereva wa boti wa tajiri mmoja akaniletea simu yake. Alikuwa ametiwa kwenye kundi lao la WhatsApp ili ajue bei ya kulipa. Ujumbe ulisema: “Hakuna kupita 1,100 mpaka mwezi wa Ramadhani. Atakayepandisha ajue anatuharibia sote.” Chini yake watatu wamejibu sawa. Nilimwambia, “Usifute kitu, wala usiseme neno humo ndani.” Picha ya skrini ni nzuri, lakini simu yenyewe, yenye tarehe na namba, ndiyo isiyobishika.

Malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani tuliyaandika kurasa mbili, tukaambatisha nakala za daftari, na tukaomba jina la dereva lifichwe. Hatukulipa chochote. Maofisa waliuliza sana kuhusu tarehe, karibu hawakutuuliza kuhusu umaskini wetu. Matajiri walipopata barua ya kutakiwa kujieleza, bei zilianza kupishana tena kabla ya uamuzi wowote. Faini inaweza kufika asilimia 10 ya mauzo ya mwaka uliotangulia, na kuna kifungo cha hadi miaka mitano. Mmoja wao alinijia usiku: “Katibu, ni kweli anayesema mwanzo hupunguziwa?” Nikamjibu kweli, sheria ina mlango huo, aende peke yake na asiwaage wenziwe.

Shida iliyobaki ilitoka kwetu. Kwenye mkutano, ami mmoja alisimama: “Basi na sisi tuweke bei ya chini, asiyeifuata asishushe mzigo hapa.” Watu wakapiga makofi. Ilinibidi niwaeleze kwamba kifungu kile kile kingetukamata sisi, kwani chama cha wavuvi kikiwapangia wanachama bei ni mapatano kama ya matajiri. Sikuliandika azimio lile. Badala yake tukaandika ombi la msamaha wa kutobanwa na kifungu hicho, ambao Mamlaka inaweza kuutoa ikiridhika kwamba faida kwa umma inazidi hasara ya ushindani. Hoja yetu ni kununua tangi la pamoja la kuweka kamba hai, ili mvuvi aweze kusubiri. Ombi bado halijajibiwa, na kwa sasa kila mtu anauza kivyake.